Kabla hujapakia kontena: kukagua volti, hezi na plagi ya kifaa cha Marekani kinachokwenda nyumbani

Kila tunapokaribia kufunga kontena hapa Ohio, simu yangu hujaa picha za maboksi. Swali huwa lilelile: "Kaka, nikimnunulia mama hiki na adapta yake si itatosha?" Mwezi mmoja baadaye huja swali la upande wa pili, kutoka kwa mtu aliyetua na birika la umeme ndani ya begi: "Mbona maji hayachemki?" Nimechoka kujibu kwa sauti za usiku wa manane, kwa hiyo nimeandika yote hapa.

Adapta hubadilisha umbo la meno ya plagi, basi. Umeme unaopita ndani yake ni uleule wa ukutani. Marekani na Kanada ukutani kuna volti 120 na hezi 60, yaani mizunguko 60 ya umeme kwa sekunde. Tanzania ni volti 230, Kenya na Uganda 240, na zote tatu hezi 50. Kikaangio cha Marekani ukikichomeka Tanga kwa adapta kinapokea karibu mara mbili ya volti kilizotengenezewa, na adapta yenyewe haina habari.

Unachohitaji kabla ya kuanza

Picha ya kibandiko cha kifaa chenyewe, si cha boksi. Picha ya soketi ya kule kinakokwenda, ipigwe na mtu aliye ndani ya nyumba hiyo. Kikokotoo cha simu. Ukiwa na mita ya fundi ya kupimia volti ni vizuri zaidi, ila utaihitaji hasa siku ya kuwasha.

Nitatumia mfano wa dada mmoja aliyemnunulia mama yake wa Tanga vitu vinne: kompyuta mpakato, blenda, kikaangio cha hewa na maikrowevu. Vibandiko vyake vilisomeka hivi, kwa mpangilio huohuo:

```
INPUT: 100-240V~ 50/60Hz 1.7A
AC 120V 60Hz 700W
120V~ 60Hz 1500W
120V 60Hz INPUT 1500W OUTPUT 1000W
```

1. Jua umeme wa kule kinakokwenda

Kwa Tanzania, Kenya na Uganda hesabu ni rahisi: volti 230 hadi 240, hezi 50, plagi ya meno matatu bapa ya Kiingereza. Oman na Imarati wanatumia plagi hiyohiyo na hezi 50, kwa hiyo cha Muscat kwa kawaida kinafika Unguja na kuchomekwa bila maneno. Rwanda, Burundi na Kongo volti ni 220 hadi 230, hezi 50, lakini soketi nyingi ni za matundu ya duara. Tofauti yao na sisi ni ya plagi tu.

Watu wa Ghuba wananaswa na Saudia. Volti zake za sasa ni 230 na plagi inafanana na yetu, ila hezi ni 60, na nyumba za zamani zilikuwa na volti 127. Friji ya Riyadh ukiitazama kwa nje utaapa ni ya nyumbani. Ukifika hatua ya 4 utaona kwa nini isikuhadae.

2. Soma kibandiko cha kifaa chenyewe

Geuza kifaa. Kibandiko kiko chini, nyuma, au ndani ya mlango kama ni friji au maikrowevu. Kwa kompyuta na simu kiko kwenye chaja, kwa maandishi madogo yanayotaka miwani. Tafuta mstari wenye V, Hz na W au A. Neno `INPUT` ndilo unalolitaka. `OUTPUT` ya chaja ni umeme unaotoka kwenda kwenye kifaa, na wengi wanausoma huo wakaogopa bure.

Ukinunua mtandaoni, usitegemee maelezo ya tangazo. Muuzaji mmoja anaweza kuuza toleo la volti 120 na la volti 220 la kifaa kilekile, kwa picha moja. Mwombe picha ya kibandiko. Akikataa, nunua kwingine.

Usihukumu kwa plagi pia. Plagi inakatwa na kubadilishwa, na nimeona kifaa cha mtumba cha volti 120 kikiwa na plagi safi ya meno matatu ya Kiingereza. Kibandiko tu ndicho kinachosema kweli.

3. Kiweke kwenye fungu lake

Fungu la kwanza ni vyenye `100-240V 50/60Hz`. Hivi vinakubali umeme wa karibu dunia nzima. Chaja za simu, kompyuta mpakato na kamera nyingi zimo humu. Kompyuta ya yule dada imepita hapa, na hakuhitaji hata adapta: waya unaotoka ukutani kwenda kwenye chaja unachomoka, na waya wa namna hiyo wenye plagi ya Kiingereza unauzwa kila duka la kompyuta kule kwetu kwa bei ndogo. Ni salama kuliko adapta inayoning'inia.

Fungu la pili ni vyenye swichi ya kuchagua, mara nyingi imeandikwa `115/230` au `125/250`. Kompyuta za mezani za zamani na baadhi ya mashine za kukaushia nywele za safari ziko hivi. Havibadiliki vyenyewe. Swichi igeuzwe kabla ya kuchomeka, kisha ipigwe gundi ya karatasi ili mtoto asiirudishe.

Fungu la tatu ni vyenye namba moja tu, `120V`, au `110-120V`, ambayo bado ni namba ya upande mmoja. Karibu kila kitu cha jikoni cha Marekani kimo humu. Blenda, kikaangio na maikrowevu vya dada yetu, vyote vitatu, vimeangukia hapa.

Runinga inataka jicho la ziada. Nyingine zimeandikwa `100-240V`, nyingine za kampuni hiyohiyo `110-120V`. Hata ikipita kwa volti, kipokezi chake cha antena ni cha mfumo wa Marekani, na sisi Tanzania, Kenya na Uganda tunarusha kwa DVB-T2. Haitashika stesheni yenyewe. Itafanya kazi kwa king'amuzi kilichounganishwa kwa waya wa HDMI, na kwa intaneti. Kama mzee anataka kuwasha na kutazama taarifa ya habari bila rimoti mbili, mnunulie kulekule.

4. Angalia hezi kama kuna mota au saa

Wengi wanaruka hatua hii kwa sababu wameambiwa transfoma inamaliza yote. Transfoma hushusha volti, hezi haizigusi. Hezi 50 zikiingia, 50 ndizo zitakazotoka.

Kwa chombo cha kupasha moto tu, kama pasi au birika, hilo halina shida. Kwa blenda, drili na mashine ya kuvuta vumbi pia halina shida kubwa, kwa sababu mota zake ni zile za kelele zenye brashi za kaboni, na hizo hazijali hezi.

Friji, feni na mashine nyingi za kufulia ni habari nyingine. Mota iliyotengenezewa hezi 60 ukiipa 50 inazunguka kwa sehemu tano kati ya sita za kasi yake, inavuta umeme mwingi zaidi na kupata joto kupita kiasi. Kompresa ya friji haitalipuka siku hiyo. Itafanya kazi kwa miezi, ikiungua polepole, na ikifa utalaumu umeme wa mtaa. Ndiyo maana nilikuonya kuhusu friji ya Saudia.

Maikrowevu ya kawaida ina transfoma nzito ndani yake iliyopimwa kwa hezi 60. Kwenye 50 inanguruma na kuchemka yenyewe badala ya chakula. Ya yule dada tuliirudisha dukani akiwa bado na risiti.

Na mashine ya kukaushia nguo ya Marekani iliyoandikwa 240V? Watu huja na hii wakicheka, wakidhani wamepata mwanya. Nyingi zimeandikwa `120/240V` na zina waya nne: volti 240 ni kwa ajili ya joto, na mota na taa zinatumia 120 kutoka kwenye waya wa katikati. Umeme wetu hauna hiyo 120. Na hezi ni 60. Iache.

5. Piga hesabu ya transfoma, kisha ya pesa

Kwanza uone kwa nini kikaangio cha wati 1500 hakiwezi kwenda na adapta tu. Kwenye volti 120 kinavuta ampea 12.5. Upinzani wa koili yake ni 120 gawa kwa 12.5, yaani omu 9.6. Koili hiyo ukiipa volti 230 inavuta ampea 24, na 230 mara 24 ni wati zaidi ya 5,500. Volti zimekaribia mara mbili, joto limekaribia mara nne. Usiseme fyuzi ya 13 kwenye plagi itakuokoa: kwa ampea 24 inaweza kuvumilia kwa muda kabla ya kukatika, na bodi ya ndani itakuwa imeshakufa.

Sasa transfoma ya kushusha kutoka 230 hadi 115 au 120. Kwa chombo cha joto au blenda, chukua wati za kibandiko zidisha kwa mbili. Wati zinazoandikwa kwenye transfoma za bei poa zimetiwa chumvi, na mara mbili inakupa nafasi. Kwa chenye kompresa, zidisha angalau kwa tatu, maana wakati wa kuanza inavuta mara kadhaa ya kawaida. Kama kibandiko kina ampea tu, zidisha ampea kwa volti kwanza.

Blenda ya wati 700: transfoma ya 1500. Kikaangio cha 1500: transfoma ya 3000. Hiyo ya pili ni pande la chuma zito, inakula umeme kidogo hata kama kikaangio kimezimwa, na mama atalazimika kukumbuka kuizima. Bei yake peke yake inakaribia au kupita bei ya kikaangio kipya cha volti 220 pale Kariakoo, au Luthuli kwa mtu wa Nairobi. Ongeza nauli ya meli. Mimi ushauri wangu kwa vyombo vya joto ni mmoja: tuma pesa, usitume chombo. Blenda nayo niliiruhusu kwa shingo upande, kwa sababu ilikuwa ya kazi nzito na mama anauza juisi.

Onyo: vile vigeuza-volti vidogo vyepesi vya madukani uwanja wa ndege, vilivyoandikwa wati 1600 huku vinatosha mfukoni, si transfoma. Vinakatakata umeme, na vimekusudiwa pasi au kikausha nywele cha kawaida kwa dakika chache. Ukichomeka kitu chenye skrini, saa au vitufe vya kugusa, unakiua.

Kumbuka pia kuwa transfoma inagawa, haisawazishi. Umeme wa jioni ukishuka hadi volti 180, itatoa kama 90. Palipo na umeme wa kupanda na kushuka utahitaji stabilaiza mbele yake, gharama nyingine tena.

6. Malizia na plagi, fyuzi na ethi

Kwa chaja yenye alama ya mraba ndani ya mraba, adapta ya meno mawili inatosha. Hicho kimekingwa mara mbili na hakihitaji ethi, yaani waya wa usalama unaokwenda ardhini. Chenye mwili wa chuma na plagi ya meno matatu, ethi lazima ifike ukutani. Kuna adapta nyingi zenye jino la tatu la plastiki au tundu la tatu lisilounganishwa na chochote. Kwa mita, pima kama umeme unapita kati ya pini ya ethi ya upande mmoja na ya upande wa pili. Na ile tabia yetu ya kuzibua soketi kwa kalamu ili plagi ya duara iingie, tuiache: inashika kwa kubahatisha, inalegea, inaunguza soketi.

Ukiamua kukata plagi na kufunga nyingine kwenye kifaa kinachokubali volti za kule, rangi za waya ndizo zinazoua. Marekani waya mweusi ni wa moto, mweupe ni nyutro, kijani ni ethi. Vifaa vya Ulaya na vyetu vya sasa: kahawia ni moto, bluu ni nyutro, kijani chenye mstari wa njano ni ethi. Sasa, nyumba zetu nyingi zimetandazwa kwa rangi za zamani za Kiingereza, ambako mwekundu ni moto na *mweusi ni nyutro*. Fundi aliyezoea hizo akifungua waya wa Marekani ataweka mweusi upande wa nyutro bila kufikiri mara mbili. Kifaa kitawaka, ila swichi yake itakuwa inakata nyutro, na ndani kubaki na moto hata kikiwa kimezimwa. Mwandikie fundi rangi hizo kwenye karatasi, uibandike kwenye waya.

Fyuzi ya ndani ya plagi: ampea 3 kwa vifaa vya chini ya wati 700 hivi, 13 kwa vya juu. Usiweke 13 kila mahali kwa sababu ndiyo iliyo droo.

7. Kuwasha mara ya kwanza

Anza na transfoma peke yake. Pima inachotoa, kati ya 110 na 125 ni sawa. Kisha chomeka kifaa kikiwa kimezimwa, kiwashe, ukae nacho dakika kumi na mkono karibu na swichi ya ukutani. Gusa transfoma: uvuguvugu ni kawaida, usipoweza kuacha kiganja juu yake, zima. Na uandike juu yake kwa kalamu nene: CHA 120 PEKEE. Mgeni akiona soketi tupu huchomeka chochote.

Ukija nacho Marekani

Hatua ni zilezile, kinyume chake. Kifaa cha `220-240V` kwenye volti 120 mara nyingi hakiungui, kinadhoofika tu. Birika la wati 2200 linabaki na kama 550. Maji lita moja na nusu yanayochemka kwa dakika nne nyumbani yatachukua robo saa au zaidi. Mwaka wangu wa kwanza nilinyoosha shati kwa pasi niliyobeba kutoka nyumbani, nikadhani imeharibika ndegeni.

Transfoma ya kupandisha ipo, lakini ina ukomo usioweza kuuruka. Soketi ya kawaida ya Marekani iko kwenye laini ya ampea 15, yaani wati 1800 kwa jumla, na kwa matumizi ya muda mrefu usizidi 1440. Birika la 2200 haliwezi kupata wati zake hapo, hata ununue transfoma kubwa kiasi gani. Swichi ya usalama itakatika. Blenda ya wati 500 inawezekana. Na usimruhusu mtu akuunganishie kwenye soketi ya jiko ya volti 240: laini yake ni ya ampea 40 au 50, kwa hiyo waya mwembamba wa blenda utaungua kabla swichi haijakatika.

Ikishakwenda mrama

*Kililia "pa!" na kuzima.* Kimechomekwa 230 kikiwa cha 120. Usijaribu tena na transfoma papo hapo. Mpe fundi afungue sehemu ya kuingilia umeme. Mara nyingine ni fyuzi ya ndani na kinga ya volti tu vilivyokufa, na vinabadilishwa. Kapasita kubwa ikiwa imevimba, ujue madhara yameingia ndani zaidi.

*Kinafanya kazi, ila kinyonge.* Pima volti zinazotoka kwenye transfoma wakati kifaa kinafanya kazi. Zikishuka chini ya 105, ama transfoma ni ndogo au umeme wa mtaa umeshuka. Pima ukutani ujue ni lipi.

*Saa ya kifaa inachelewa dakika kumi kila saa.* Inahesabu hezi, na imezoea 60. Hakuna marekebisho. Lakini imekupa taarifa muhimu: kama kifaa hicho kina mota pia, rudi hatua ya 4.

*Ukigusa mwili wake unasikia mtekenyo.* Ethi haijafika. Chomoa, kagua adapta kwanza, kisha soketi. Nyumba nyingine zina soketi za matundu matatu ambazo waya wa ethi haujawahi kufungwa nyuma yake, na hilo ni la fundi wa nyumba, si la kifaa.

*Friji inajaribu kuwaka, inabonyea "tik", inanyamaza, inarudia.* Kompresa inakosa nguvu ya kuanza kwa sababu transfoma ni ndogo. Izime mara moja. Kila "tik" inapasha koili moto, na kompresa haina uvumilivu wa siku nyingi.